Uangavu wa maada: alumini, alumina na njia ya nuru

Uangavu ni hali ya dutu kuiacha nuru ipite ndani yake bila kuifyonza wala kuitawanya. Nuru inapokifikia kitu chochote hugawanyika: sehemu huakisiwa usoni, sehemu hufyonzwa ndani na kugeuka joto, na inayobaki hutokea upande wa pili. Mafungu hayo matatu yakijumlishwa hulingana na nuru yote iliyofika, kwa hiyo kitu kisichopitisha nuru lazima kiwe kimeirudisha au kimeimeza.

Tofauti kati ya metali na kauri angavu huonekana vizuri zaidi katika jozi moja, yaani alumini na oksidi yake, alumina (Al₂O₃). Sufuria ya alumini haipitishi nuru hata kidogo. Alumina safi iliyokua kama fuwele moja ni yakuti isiyo na rangi, ambayo mtu anaweza kusoma maandishi kupitia kwake. Alumina hiyo hiyo ikitengenezwa kwa unga uliogandamizwa na kuchomwa tanuruni, kama ile sehemu nyeupe ya plagi ya injini ya petroli, haionyeshi kitu. Watu wengi hudhani sufuria na plagi huzuia nuru kwa sababu moja. Si kweli. Sufuria huizuia kwa elektroni zake, ilhali plagi huizuia kwa vitundu vilivyobaki ndani yake.

Elektroni zinazoruhusu na zinazozuia

Nuru husafiri kwa mafungu madogo ya nishati yaitwayo fotoni. Fotoni za nuru inayoonekana kwa macho hubeba takriban elektronivolti (eV) 1.8 kwa rangi nyekundu hadi 3.1 kwa zambarau. Ili fotoni ifyonzwe, lazima iwepo elektroni inayoweza kupokea kiasi hicho hicho cha nishati na kupanda hadi ngazi iliyo wazi. Katika dutu mango ngazi hizo zimesongamana hadi kuwa kanda, na kati ya kanda moja na nyingine panaweza kuwa na pengo ambamo hakuna elektroni inayoruhusiwa kukaa.

Ndani ya alumini, kila atomi huchangia elektroni tatu kwenye kundi linalotembea huru katika metali nzima, na kanda zinazobeba elektroni hizo hazijajaa. Juu ya elektroni za mwisho kuna ngazi tupu zinazofuatana bila pengo. Fotoni yoyote ya nuru inayoonekana, iwe nyekundu au zambarau, hupata elektroni ya kuipokea. Elektroni hizo huru hutikisika pamoja na wimbi la nuru na kutoa wimbi jipya linalorudi lilikotoka, na ndiyo maana takriban asilimia 90 ya nuru huakisiwa. Inayobaki hupenya kidogo sana kabla ya kugeuka joto. Kila nanomita 7 hivi, nguvu ya nuru iliyoingia hushuka hadi karibu theluthi moja. Foili ya jikoni ina unene wa mikromita 15 hivi, yaani zaidi ya mara elfu mbili ya kina hicho. Hata utando wa nanomita 100, ambao ni mwembamba kuliko wimbi la nuru lenyewe, hupitisha chini ya sehemu moja katika milioni. Metali huanza kuonyesha tu inapokuwa na unene wa makumi ya nanomita au pungufu. Utando wa dhahabu wa kiasi hicho hupitisha nuru ya kijani hafifu, na hupakwa kwenye vioo vya kofia za wanaanga ili kurudisha joto la jua.

Alumini inapoungana na oksijeni, elektroni zile tatu huacha kutembea. Huhamia kwa atomi za oksijeni na kujaza kanda yake hadi ukingoni. Kutoka hapo hadi kanda tupu inayofuata kuna pengo la karibu eV 8.8. Fotoni ya zambarau yenye eV 3.1 haifikii hata nusu ya pengo hilo, kwa hiyo hakuna elektroni inayoweza kuipokea, nayo hupita. Ni nuru ya urujuanimno yenye wimbi fupi kuliko nanomita 140 hivi tu ndiyo yenye nishati ya kuvuka.

Kila kipande cha alumini tunachokishika kimefunikwa na ngozi ya alumina yenye unene wa nanomita chache, inayojiunda mara metali inapokutana na hewa. Tunaiona metali inang'aa kwa sababu ngozi hiyo ni angavu.

Rangi huingia pale atomi ngeni zinapoweka ngazi ndani ya pengo. Atomi chache za kromu zikichukua nafasi za alumini, hufyonza zambarau na kijani na kuacha nyekundu ipite, nayo yakuti huwa nyekundu kama ile iliyochimbwa Winza mkoani Dodoma. Chuma na titani vikiwa pamoja huleta rangi ya samawati. Mawe ya Bonde la Umba, mkoani Tanga, yanajulikana kwa wingi wa rangi zake, na sehemu kubwa ya tofauti hizo hutokana na atomi ngeni zilizomo, ingawa mwili wa jiwe ni alumina ile ile.

Weupe wa kauri

Ikiwa alumina haifyonzi nuru, kwa nini plagi ni nyeupe? Weupe wenyewe ndio ushahidi. Kitu kinachofyonza nuru yote huwa cheusi, ilhali cheupe kimeirudisha karibu yote. Ukisaga kioo safi kinakuwa unga mweupe, ingawa hakuna kilichoongezwa ila nyuso nyingi kati ya kioo na hewa.

Ndani ya alumina nuru husafiri polepole mara 1.76 kuliko katika ombwe. Kila inapokutana na mpaka wa alumina na hewa, sehemu yake hurudi na iliyobaki hupinda. Kwa uso bapa ulionyooka hasara hiyo ni asilimia 7.6, na kwa bamba lenye nyuso mbili, hata alumina kamilifu kabisa hupitisha asilimia 86 tu. Hicho ndicho kikomo cha juu. Ila kauri iliyochomwa kwa njia ya kawaida ina maelfu ya nyuso za namna hiyo ndani yake, kwa sababu hewa iliyokuwa kati ya punje za unga haikutoka yote.

Tuchukue bamba lenye unene wa milimita 1, na vitundu vyenye kipenyo cha mikromita 1. Kwa vitundu vya ukubwa huo, umbali wa wastani ambao nuru husafiri kabla ya kugonga kitundu unakaribia d/(3p), ambapo d ni kipenyo na p ni sehemu ya ujazo iliyo tupu. Vitundu vikiwa asilimia 1 ya ujazo, kiasi ambacho mfinyanzi yeyote angejivunia, umbali huo ni mikromita 33 tu. Nuru itagonga vitundu mara 30 hivi kabla ya kuvuka bamba, na hakuna picha itakayopita. Tukishusha utupu hadi asilimia 0.1, nuru inayonyooka hadi upande wa pili ni takriban asilimia 4. Ukishuka tena hadi asilimia 0.01, inapanda hadi karibu asilimia 64. Kazi yote ya kutengeneza kauri angavu imo katika hatua hizo mbili za mwisho.

Tanuru la Coble

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Robert Coble wa maabara ya utafiti ya kampuni ya General Electric, mjini Schenectady nchini Marekani, alipata njia ya kuviondoa vitundu hivyo. Unga wa alumina ukichomwa kwenye joto kali bila kuyeyuka, atomi huhama na kujaza nafasi kati ya punje. Atomi hizo hupita hasa kwenye mipaka ya punje, kwa hiyo kitundu kilichokaa mpakani hujazwa upesi. Tatizo ni kwamba joto hilo hilo hukuza punje. Baadhi yake huanza kukua kwa kasi isiyo ya kawaida, na mpaka unaosogea haraka hukiacha kitundu nyuma, katikati ya punje, ambako karibu hakuna njia ya kukifikia. Hata ukichoma kwa siku nyingi, kitabaki.

Coble aliongeza oksidi ya magnesi, robo asilimia tu. Kiasi hicho hupunguza mwendo wa mipaka ili ibaki na vitundu vyake mpaka vijae. Jambo la pili lilikuwa gesi ya tanuru. Vitundu vinapofungwa hubaki na gesi iliyokuwamo, na nitrojeni au argoni haiwezi kupenya alumina ili itoke nje, hivyo shinikizo lake hukizuia kitundu kisife. Hidrojeni hupenya. Alumina ya Coble ilichomwa ndani ya hidrojeni kwenye nyuzi 1,900 za Selsiasi hivi, ikatoka bila vitundu vya kuonekana. Hataza yake ilitolewa mwaka 1962, na bidhaa ikaitwa Lucalox.

Mahali pake pa kwanza pakubwa pa kazi palikuwa taa za sodiamu za shinikizo kubwa, zile zinazomulika barabara kwa rangi ya manjano ya dhahabu. Mvuke wa sodiamu wenye joto hula kioo cha silika, lakini bomba la alumina huuvumilia.

Bomba hilo, hata hivyo, hupitisha nuru bila kupitisha picha. Alumina ina kasoro ya maumbile: nuru husafiri ndani yake kwa kasi zinazotofautiana kidogo kulingana na mwelekeo wa fuwele. Kila punje imeelekea kwake, basi nuru hupinda kidogo kila inapovuka mpaka. Tofauti ni 0.008 tu, lakini punje za mikromita 25 zinamaanisha mipaka 40 katika milimita moja. Kipimo rahisi ni kuweka kipande juu ya maandishi. Kikigusa karatasi, herufi husomeka. Ukikiinua sentimita chache, zinapotea. Anayehukumu uangavu kwa kipande kilicholazwa juu ya karatasi hudanganyika, na picha nyingi za matangazo hupigwa hivyo.

Mwaka 2003 watafiti Apetz na van Bruggen walionyesha kwa hesabu na kwa sampuli kwamba punje zikibaki ndogo kuliko mikromita moja, mpindo huo hupungua sana, kwa kuwa wimbi la nuru halizitambui tena moja moja. Njia nyingine ni kuachana na alumina na kutumia kauri ambazo fuwele zake ni sawa kila upande, kama spineli. Kwa kauri ya namna hiyo, ganeti ya itriamu na alumini, Akio Ikesue wa Japani alitengeneza leza mwaka 1995.

Kauri ikitoka tanuruni na ukungu, sababu hutafutwa kwa hadubini. Vitundu vikiwa ndani ya punje kubwa, zilikua mapema mno. Vikiwa mipakani, muda au joto halikutosha, au gesi isiyopenya ilinaswa.

Yote haya yanahusu nuru ya macho. Kwenye nuru ya infraredi yenye wimbi refu kuliko mikromita 5 au 6, mtikisiko wa atomi za alumina huanza kuifyonza, na bamba lililo safi kama kioo huwa kizuizi. Kamera za joto zinazofanya kazi kati ya mikromita 8 na 14 hutumia lenzi za gerimani, ambayo pengo lake ni eV 0.67 tu. Kwa macho, lenzi hizo ni za kijivu, zinang'aa kama metali na hazipitishi nuru hata kidogo.