Nusu Iliyosahauliwa ya Mchoro wa Wöhler

Historia ya uchovu wa metali husimuliwa kana kwamba ni historia ya mchoro mmoja. Katika insha hii ninadai kwamba mchoro huo ulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, yaani kujua mizigo ihesabiwe vipi, ilichelewa kwa zaidi ya nusu karne.

Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ekseli za namna hiyo zilivunjika chini ya mizigo ambayo zilikuwa zimeibeba kwa miaka bila shida. August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alilichunguza jambo hili hadi mwaka 1870. Alitengeneza mashine zilizozungusha ekseli huku zikiwa zimepindwa, akahesabu mizunguko mpaka zilipovunjika. Aligundua kwamba kinachoua chuma hasa ni tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini, kuliko ukubwa wa kilele peke yake.

Matokeo yake aliyaandika katika majedwali. Aliyeyapa umbo tunalolijua ni Basquin, mwaka 1910: ukichukua logi ya mkazo na logi ya idadi ya mizunguko, alama hujipanga karibu na mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo kanuni ya kipeo, N = A × S^(-m), ambapo S ni tofauti ya mkazo na N ni mizunguko hadi kuvunjika.

Tuchukue mfano nilioutunga ili hesabu iwe nyepesi. Kwa S ya megapaskali 300 chuma kinavunjika baada ya mizunguko 100,000. Kwa 150, baada ya 3,200,000. Mkazo umepungua mara 2, maisha yameongezeka mara 32, na kwa kuwa 32 ni 2^5, basi m ni 5. Katika maabara alama huwa nyingi na zimetawanyika, na hapo wanafunzi wengi huteleza. Kwa mazoea mkazo huchorwa kwenye mhimili wa wima, nasi tunaiachia kompyuta itafute mstari kana kwamba mkazo ndio uliobahatisha. Lakini mkazo tuliupanga wenyewe; kilichobahatisha ni maisha. Kwa hiyo logi ya N ndiyo inayokisiwa kutoka logi ya S. Tena kipande ambacho hakikuvunjika hadi jaribio likasimamishwa kisihesabiwe kama kilichovunjika.

Katika mashine ya Wöhler kuhesabu hakukuwa na utata: mzunguko mmoja wa ekseli ni mzunguko mmoja wa mkazo. Barabarani mambo ni tofauti. Palmgren mwaka 1924 na Miner mwaka 1945 walitufundisha kujumlisha madhara, kila mzunguko ukila 1/N ya maisha. Lakini mzunguko ni upi, mzigo unapopanda na kushuka ovyo?

Tuseme mkazo unakwenda 0, 160, 80, 240, kisha 0, na kurudia. Anayehesabu kila mpando na kila mshuko kama nusu mzunguko atapata nusu nne: 160, 80, 160 na 240. Kwa kanuni yetu, atatabiri kwamba chuma kitastahimili marudio kama 480,000.

Mwaka 1968 Matsuishi na Endo, huko Japani, walipendekeza hesabu iliyoitwa ya mtiririko wa mvua, kwa kuwa waliufikiria mchoro wa mzigo uliosimamishwa wima kama mapaa ya pagoda yanayochuruzika maji. Siri yake iko ndani ya chuma chenyewe. Mkazo ukishuka kutoka 160 hadi 80 kisha ukapanda tena, kijizunguko kidogo cha 80 hufunga pale pale kwenye 160. Kuanzia hapo chuma huendelea na njia yake ya awali hadi 240, kana kwamba ule mshuko haukuwapo. Kwa hiyo tuna mzunguko mmoja wa 80 na mmoja mkubwa wa 240. Ule wa 240 unaruhusu marudio 305,000 hivi, ule wa 80 zaidi ya milioni 74. Jumla ya madhara yake inatupa marudio kama 304,000.

Chuma ni kile kile na mchoro ni ule ule, lakini hesabu ya kwanza iliahidi marudio 176,000 ambayo hayapo. Kosa hilo ni la hatari, kwa sababu linakata mpando mrefu vipande viwili, na kwa m ya 5 vipande viwili vya 160 havifikii hata theluthi ya madhara ya kizima cha 240.

Njia ya Endo nayo ina upungufu. Ikishahesabu, inasahau mpangilio: mzigo mzito ukitangulia au ukifuata, jumla ni ile ile, ingawa chuma hakiichukulii hivyo. Pia vijizunguko viwili vya ukubwa mmoja, kimoja juu ya mkazo mkubwa na kingine karibu na sifuri, huwekwa kapu moja mhesabuji asipoandika wastani wa kila kimoja. Athari ya wastani huo Wöhler alikuwa ameiona tayari kwenye majedwali yake.