Mada na dondoo ya barua pepe

Mada na dondoo ni maneno anayoyaona msomaji kikashani kabla ya kufungua barua pepe. Kwenye simu nyingi mada hukatwa baada ya herufi 40 hivi, kwa hiyo neno zito hutangulia. Duka la vitabu likiandika “Habari njema kwako!” halijasema kitu. “Vitabu vya kidato cha kwanza: bei imeshuka” inajitosheleza, na dondoo huongeza sharti: “Ni matoleo ya zamani tu, hadi Ijumaa.” Sharti hilo likifichwa ndani, wengi watafungua, kisha watajiondoa. Dondoo ikiachwa tupu, programu huokota maneno ya kwanza ya barua, mara nyingi “Bofya hapa kama huoni picha”. Kutanguliza “Re:” kwa mtu ambaye hajawahi kukuandikia ni ulaghai mtupu. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 inakataza mada za kupotosha.

Kiwango cha kufungua chenyewe hupimwa kwa kijipicha kisichoonekana, na tangu 2021 Apple Mail huweza kukipakua hata barua isiposomwa. Mibofyo na idadi ya wanaojiondoa ni vipimo vya kuaminika zaidi.