Wekundu wa Damu Wenyewe Hautoshi: Hoja ya Kiwango cha Chini cha Kuongezea Damu

Katikati ya Dar es Salaam kipimo cha wekundu wa damu hupatikana kwa urahisi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kupimwa kwa tone la damu ya kidole katika maabara ya mtaani, kisha akafika Mnazi Mmoja, Amana au Muhimbili na karatasi yenye namba moja. Tuchukulie wanawake wawili waliofika siku moja. Wa kwanza ana uvimbe kwenye kizazi, na kwa miezi mingi hedhi yake imekuwa nzito. Himoglobini yake ni gramu 6.5 kwa desilita, anachoka akipanda ngazi, lakini anaongea sentensi nzima bila kuhema na mapigo ya moyo wake ni 98 kwa dakika. Wa pili amejifungua muda mfupi uliopita na bado anatoka damu. Himoglobini yake ni 10.1, mapigo ni 130, shinikizo la damu la juu ni 80, mikono ni ya baridi. Wauguzi na madaktari wazoefu hawatasita kusema nani yuko hatarini zaidi. Hata hivyo, mahali ambapo chupa ya damu inaombwa kwa kuandika namba hiyo peke yake, fomu ya mwanamke wa kwanza itaonekana ya dharura, na ya wa pili itaonekana inaweza kusubiri.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni kwamba himoglobini hupimwa kama ukolezi, yaani gramu ngapi zimo katika desilita moja ya damu, ilhali tishu zinahitaji kiasi cha oksijeni kinachozifikia kila dakika. Kiasi hicho hutegemea pia ni lita ngapi za damu moyo unasukuma. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mzima mwenye himoglobini ya 13, ambaye moyo wake unasukuma lita 5 kwa dakika na damu yake imejaa oksijeni kwa asilimia 98, hupeleka kwenye tishu karibu mililita 850 kila dakika. Akitumia mililita 240, amechukua asilimia 28 tu ya alichopelekewa. Mwanamke wa uvimbe, ambaye moyo wake umezoea kusukuma, tuseme, lita 7.5, hupeleka mililita 640 na kutumia asilimia 37 au 38. Akiba yake imepungua lakini ipo. Mwanamke anayetoka damu, ambaye moyo hauna ujazo wa kutosha na unasukuma lita 2.8 tu, hupeleka kama mililita 370, na matumizi yaleyale ni asilimia 65. Kiasi kinachosukumwa na moyo katika mifano hii ni makadirio, lakini mpangilio wake ndio huonekana wodini: mwenye namba kubwa ndiye aliyekaribia ukingo.

Mtu akipoteza damu nyingi kwa haraka, seli nyekundu na maji ya damu huondoka pamoja, kwa hiyo ukolezi wa kilichobaki haubadiliki mara moja. Namba hushuka baadaye, maji yanapohamia kwenye mishipa kutoka kwenye tishu, au dripu inapowekwa. Kwa upungufu uliojengeka polepole mambo huenda kinyume. Mwili hupata muda wa kupanua ujazo wa plazma, moyo huongeza kazi, na ndani ya seli nyekundu huongezeka kemikali inayolegeza mshiko wa himoglobini ili oksijeni iachiliwe kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye selimundu anayehudhuria kliniki anaweza kuishi na kiwango cha 7 au 8 kama hali yake ya kawaida. Kwake swali la maana ni ameshuka kiasi gani kutoka kwenye kiwango chake mwenyewe, na kwa sababu ipi. Kumpandisha kwa nguvu hadi juu ya 10 kunaweza kuifanya damu yake kuwa nzito kupita kiasi na kuziba mishipa midogo, na kila chupa humwongezea nafasi ya kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya wengine, jambo litakalofanya iwe vigumu kumpatia damu inayomfaa siku atakapoihitaji kweli.

Kwa miaka mingi tiba ilifuata kanuni ya 10, iliyopata nguvu baada ya mapendekezo ya Adams na Lundy wa Kliniki ya Mayo mwaka 1942 kwa wagonjwa wa upasuaji. Kanuni hiyo ilikuwa maoni ya wataalamu, na haikupata jaribio kubwa la kuipima mpaka mwishoni mwa karne. Katika jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 1999, wagonjwa 838 wa uangalizi maalumu waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja, la kubana, liliongezewa damu himoglobini iliposhuka chini ya 7, na jingine, la kulegeza, iliposhuka chini ya 10. Baada ya siku 30, asilimia 18.7 walikuwa wamefariki katika kundi la kubana na asilimia 23.3 katika kundi la kulegeza. Tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kusema kubana kunaokoa maisha, lakini ilitosha kuondoa imani kwamba kulegeza ndiko salama zaidi. Mwaka 2013, jaribio la Barcelona kwa wagonjwa 921 waliotokwa damu kwenye njia ya juu ya chakula lilionyesha zaidi: waliobanwa kwenye 7 walinusurika kwa asilimia 95 baada ya wiki sita, dhidi ya asilimia 91 ya waliowekewa damu mapema, na wachache zaidi walitokwa damu tena. Wagonjwa waliokuwa wakitoka damu nyingi kiasi cha kuhatarisha uhai hawakuingizwa, na hilo lisisahauliwe.

Kilichopimwa katika majaribio hayo ni mikakati miwili ya kuwatunza watu wengi. Hakuna jaribio lililothibitisha kwamba mwili wa kila mtu huporomoka ukivuka 7. Hapo ndipo naona kiwango cha chini kinaeleweka vibaya, hata na wanaokiunga mkono. Kilianzishwa ili kumzuia daktari asiongeze damu kwa sababu tu namba haijafika 10, kisha katika matumizi kikageuka kuwa amri mpya ya kuongeza damu kila namba inapofika 6.9. Jaribio la mwaka 2011 kwa wagonjwa 2,016 waliovunjika nyonga lilikuwa makini zaidi katika jambo hili, kwani katika kundi la kubana damu iliruhusiwa himoglobini ikishuka chini ya 8 au dalili za upungufu zikijitokeza. Namba na dalili zilikaa pamoja katika kanuni moja.

Pingamizi la kwanza lenye uzito linatoka kwenye moyo. Misuli ya moyo huchukua sehemu kubwa ya oksijeni inayoletewa hata mtu akiwa amepumzika, kwa hiyo akiba yake ni ndogo, na mishipa yake ikiwa imeziba mgonjwa hawezi kufidia. Jaribio la mwaka 2023 kwa watu 3,504 waliopata shambulio la moyo wakiwa na upungufu wa damu lilikuta kifo au shambulio jipya ndani ya siku 30 kwa asilimia 16.9 ya waliobanwa kwenye 7 au 8, na asilimia 14.5 ya walioongezewa chini ya 10. Kitakwimu tofauti hii iko mpakani, lakini inaelekea upande wa kulegeza, nami ningekuwa mwangalifu kumbana mgonjwa wa namna hiyo. Pingamizi hili linaipa nguvu hoja yenyewe: himoglobini ya 8.5 inaweza kumtosha kijana mwenye upungufu wa madini chuma, na isimtoshe mzee mwenye maumivu ya kifua.

Pingamizi la pili linatugusa zaidi hapa. Majaribio ya Barcelona na Kanada yalifanyika mahali ambapo mgonjwa asiyeongezewa damu hupimwa tena baada ya saa chache, na damu ikihitajika inapatikana. Kwetu muuguzi mmoja wa usiku ana wagonjwa wengi, na chupa ikikosekana kwenye benki ya damu ndugu hutafutwa wachangie. Je, kusubiri dalili si kuchelewa? Jibu bora linatoka kwa watoto wa Uganda na Malawi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 liliwachukua watoto 1,565 wenye himoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, kama kuhema kwa taabu au kupungua kwa fahamu. Nusu waliongezewa damu mara moja. Wengine walisubiri, wakaongezewa wakishuka chini ya 4 au dalili zikitokea. Katika siku 28 walifariki 7 kati ya 778 na 13 kati ya 787. Tofauti hiyo haikuthibitika kitakwimu, wala haitoshi kusema haipo. Cha kuzingatia ni kwamba karibu nusu ya waliosubiri waliishia kuhitaji damu, na walijulikana kwa sababu walifuatiliwa kwa ratiba. Kwa hiyo nakubali sehemu ya pingamizi: mahali pasipo na mtu wa kumpima mtoto tena usiku huo, kusubiri hakuna uthibitisho nyuma yake. Na mtoto aliye chini ya 4 hasubirishwi kabisa, wala yule wa 5 anayehema kwa taabu.

Zipo pia hatari za damu yenyewe ambazo namba haizioni. Damu ya hapa nchini hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi mapya kabisa yanaweza kupita kipimo. Hatari ya karibu zaidi kwa mwanamke wetu wa kwanza ni moyo ambao tayari unafanya kazi ya ziada na mishipa yenye ujazo wa kutosha. Chupa mbili zikiingia upesi, mapafu yanaweza kujaa maji. Akihitaji damu, apewe chupa moja taratibu, ambayo kwa mtu mzima hupandisha himoglobini kwa kama gramu 1, kisha achunguzwe na kupimwa upya kabla ya nyingine kuombwa.

Na kabla ya hapo namba yenyewe ihakikishwe. Kidole kikikamuliwa sana, maji ya tishu huchanganyika na damu na wekundu huonekana chini kuliko ulivyo, kwa hiyo 6.5 ya mtaani irudiwe kwa damu ya mshipa. Ikithibitika, fomu ya kuomba damu iandikwe pamoja na mapigo, shinikizo, kasi ya kupumua, kama damu bado inatoka, upungufu umedumu muda gani, na saa ya kumchunguza tena. Mwanamke wa uvimbe akiwa hana maumivu ya kifua, hahemi akiwa amekaa na upasuaji wake si wa wiki hii, anaweza kuanzishiwa madini chuma, ikiwezekana kwa mshipa, na dawa ya kupunguza hedhi, kisha arudi kupimwa baada ya wiki mbili. Upasuaji ukiwa kesho, hesabu yake ni nyingine, kwa sababu atapoteza damu juu ya akiba iliyokwisha kupungua. Mwanamke wa pili hahitaji namba yoyote ili kuanza kuhudumiwa: damu izuiwe kutoka, mishipa ijazwe, na chupa ziagizwe wakati karatasi yake bado inasoma 10.1.