“Kama” katika kuomba radhi

Tuseme ndugu wawili wa Nanganga wamegombana vikali kwa fedha za korosho, na mdogo anaandika: “Kaka, nisamehe kama nimekukosea, lakini na wewe ulinichokoza.” Hapo hajaomba radhi. “Kama” inatilia shaka kosa lenyewe. “Lakini” inamrudishia kaka lawama.

Ningemshauri aandike: “Shikamoo kaka. Jana nilikuita mwizi mbele ya wanao. Nilikukosea, niwie radhi. Nitakuja niwaambie wanao kwamba hukuiba. Si lazima unijibu leo.”

“Nilikuwa na hasira” nimeiacha kwa makusudi: hata ikiwa kweli, ni utetezi. Na “samahani” peke yake, tunayoitumia hata kupishana kwenye basi, ni nyepesi mno kwa aliyeitwa mwizi mbele ya watoto wake.