Swali na jibu: Kwa nini barua pepe zinafika kote, lakini kwa mteja mmoja zinarudi?

Wadau, swali hili limetoka kwa kijana mmoja wa Bariadi. Nalijibu hapa hadharani kwa sababu linawasumbua wengi wanaotumia barua pepe za ofisi. Majina ya vikoa nimeyabadilisha. Kikoa ni ile sehemu inayokuja baada ya alama ya @.

SWALI: Kaka, habari za kazi. Niko kwenye duka la kuchapa vitabu vya risiti hapa Bariadi. Msimu wa pamba tulichapia ushirika mmoja, sasa nawatumia ankara ili tulipwe. Kila nikituma kwa anwani yetu ya ofisi inarudi papo hapo. Nikituma Gmail, Yahoo, hata ofisi za serikali, zinafika bila shida. Mhasibu wao anasema watu wengine wote wanampata, kwa hiyo tatizo ni letu. Bosi ameanza kudhani sijatuma kabisa. Nifanye nini? Ujumbe unaorudi ni huu:

```
mhasibu@ushirika.example
550 No Such User Here
```

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Wewe hujakosea na mhasibu hadanganyi. Ujumbe huo unasema hakuna mtu wa jina hilo hapa. Sasa jiulize, "hapa" ni wapi? Jibu la tatizo lako limejificha kwenye neno hilo.

Tuanze na Posta. Ukipeleka barua inayokwenda Maswa, karani wa Bariadi anaiweka kwenye mfuko wa Maswa. Barua ya sanduku la hapo hapo Bariadi haipandi gari, anageuka tu na kuitumbukiza kwenye sanduku. Sasa chukulia mwenye sanduku alishahamia Maswa, ila kwenye daftari la karani bado anaandikwa mtu wa Bariadi. Karani atatazama ukutani, ataona sanduku halipo, atakurudishia barua. Ofisi nyingine zote zinajua jamaa amehama. Ni karani huyu mmoja tu ambaye hajasahihisha daftari.

Seva za barua pepe zinafanya hivyo hivyo. Kwa kawaida seva inayotuma inauliza kwenye intaneti: barua za kikoa hiki zinapokelewa wapi? Jibu lake linaitwa rekodi ya MX. Lakini kabla ya kuuliza, seva inaangalia orodha yake ya vikoa vya ndani. Ikikuta kikoa kiko humo, haiulizi mtu. Inatafuta sanduku la mhasibu kwenye diski yake yenyewe, inalikosa, na inakataa.

Hali hii inatokea pale ambapo duka lenu na ule ushirika mlipanga nafasi kwenye seva moja ya kampuni ya kuhifadhi tovuti. Ni jambo la kawaida kabisa, kwa kuwa seva moja inaweza kubeba mamia ya tovuti. Baadaye ushirika wakahamishia barua pepe zao kwingine, tuseme Google, lakini kwenye seva ya zamani hakuna aliyebadilisha orodha. Dunia nzima inawapata, isipokuwa mliobaki nao kwenye seva ile.

Utajuaje kama ndiyo hiyo?

Usikisie, fanya vipimo vitatu. Vyote unavimaliza kafe ndani ya nusu saa.

Cha kwanza, soma tena ujumbe uliorudi, wote mpaka chini. Barua ikikataliwa na seva ya mbali, mara nyingi utaona jina la seva hiyo, hivi:

```
host aspmx.l.google.com
SMTP error from remote mail server
```

Ukiona mistari ya namna hiyo, barua ilitoka kwenu na ikakataliwa huko mbele. Hapo ugonjwa ni mwingine, na sababu imeandikwa kwenye mstari unaofuata. Kwako hakuna jina la seva yoyote ya nje, na jibu linakuja papo hapo. Maana yake barua haijatoka nje ya jengo.

Cha pili, tuma ankara ile ile kwa anwani ile ile, lakini kutoka Gmail yako binafsi. Ikifika, basi sanduku la mhasibu ni zima na jina umelipatia.

Cha tatu, fungua Command Prompt kwenye kompyuta ya Windows, kisha andika:

```
nslookup -type=mx ushirika.example
```

Weka kikoa chao halisi. Itakuonyesha barua zao zinapokelewa na seva gani. Ikitaja Google au seva nyingine isiyo ya kampuni inayowahifadhi nyie, mpigie mhasibu umuulize swali moja: tovuti yenu inahifadhiwa na nani, au zamani ilihifadhiwa na nani? Akitaja kampuni yenu nyie, una karibu uhakika wote.

Dawa yake

Kwanza jua kwamba wewe mtumaji huwezi kulitibu. Kubadilisha neno la siri, kufuta Outlook na kuiweka upya, au kuhamia kompyuta nyingine hakusaidii, kwa sababu orodha iko ndani ya seva. Hata ushirika wakibadilisha rekodi ya MX mara kumi, seva yenu haiisomi.

Mwenye uwezo ni ushirika, kama bado wana njia ya kuingia kwenye akaunti yao ya zamani. Kama inatumia cPanel, waende Email Routing, wachague kikoa chao, kisha wabadilishe kutoka Local Mail Exchanger kwenda Remote Mail Exchanger. Ni kazi ya dakika moja. Kama hawana tena neno la siri, wao ndio waiandikie kampuni. Wewe ukiandika peke yako unaweza kukataliwa, maana kikoa si chako. Maneno yatoshe haya: "Barua pepe zetu zimehamia kwingine. Seva yenu bado inatuchukulia kuwa wa ndani. Tunaomba mtuweke Remote. Msifute akaunti."

Hayo maneno ya mwisho usiyaache. Watu wengi huhamisha barua pepe tu, tovuti inabaki pale pale. Fundi akifuta akaunti nzima, barua zitapita lakini tovuti itapotea. Wakishamaliza, tuma barua fupi ya majaribio kutoka anwani ya ofisi, na usubiri mhasibu athibitishe kwa simu.

Kwa sasa tuma ankara kutoka Gmail, na umpigie mhasibu umwambie unatumia anwani hiyo, asije akadhani ni tapeli.

Bahati yako barua imerudi

Kuna sura mbaya zaidi ya tatizo hili. Kama wakati wa kuhama hawakufuta masanduku yao ya zamani, seva ingemkuta mhasibu kwenye orodha, ingepokea ankara na kuiweka kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kusingerudi kitu. Wewe ungesema umetuma, yeye angesema hajaona, na wote wawili mngekuwa mnasema kweli huku malipo yamekwama. Kwa hiyo ukimkuta mteja mmoja ambaye "hapati" barua zako tu, na hakuna kinachorudi, fanya kipimo cha pili na cha tatu kabla hamjaanza kugombana.