Mjomba, Korogwe na Kirusi

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa Korogwe, na mjomba akanifungulia sanduku lake la bati. Ndani kulikuwa na karatasi za mazoezi ya Kirusi za miaka ya 1970, zimejaa wino mwekundu. Nimezipiga picha zote.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1960 Wasovieti walifungua Moscow chuo cha wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, na mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Huko na kwenye vyuo vingine vya Sovieti mgeni alianza na takriban mwaka mzima wa lugha, kwa kuwa masomo yote yalifundishwa kwa Kirusi. Usipoelewa Kirusi, uhandisi unausikia tu ukipita.

Karatasi zenyewe ni sentensi zenye pengo, na nomino kwenye mabano. Kazi yako ni kuibadilisha mwisho wake. Mjomba aliona kihusishi "v" akadhani kina jibu moja. Wino mwekundu ukamwambia vingine:

Zhivu v Tange: naishi Tanga.
Yedu v Tangu: naenda Tanga.
Priyehal iz Tangi: nimetoka Tanga.

Sisi tunasema nipo nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, na "nyumbani" haitikisiki. Kitenzi ndicho kinachobeba mzigo. Hata swali letu ni moja: uko wapi, unakwenda wapi. Mrusi ana "gde" kwa aliyepo na "kuda" kwa anayekwenda. Mjomba alipona siku alipoanza kujiuliza swali hilo kabla ya kugusa pengo.

Vitenzi vilimtesa zaidi. Nampenda kaka, namsaidia kaka, najivunia kaka: kwetu kaka ni yule yule. Kwa Kirusi kaka ni "brat", lakini ukimpenda ni "brata", ukimsaidia ni "bratu", ukimjivunia ni "bratom". Hapa hakuna swali la kukuokoa, maana sisi tunaona kaka mtendwa tu. Kila kitenzi kinakaririwa pamoja na mwisho wa nomino yake. Pembeni mwa karatasi moja mjomba ameandika "saidia - u" mara kumi na mbili.

Karatasi ya mwisho ilimtaka aeleze kwao. Babu alihamia Korogwe kutoka Handeni, kwa hiyo mjomba, akiwa ameshaiva, akaandika "v Handenu" na "v Korogwu". Yote yakakatwa! Majina ya kigeni ya miji yanayoishia na i au e, kama Tbilisi, Kirusi hakiyagusi. Handeni inabaki Handeni, uwe unakwenda au unarudi.

Nilimuuliza aliudhika? Akacheka. "Mwaka mzima kila neno langu lilikuwa linageuzwa," akasema. "Nilipoona Handeni imekataa, nilifurahi kukosa."

Alirudi na shahada yake. Karatasi hakuzitupa.