Uzito, si uwazi: neno la kupimia moshi ndani ya picha

Katika programu za kuhariri picha kuna kisanduku kidogo chenye neno Opacity na namba inayotembea kati ya 0 na 100. Anayepachika kitu kigeni ndani ya picha, kisha akataka kukizungushia moshi, mvuke au ukungu ili kikae kama kilikuwepo tangu mwanzo, kazi yake nzima inategemea namba hiyo. Mafundi wengi huiita opasiti, wakaendelea na kazi. Mfasiri anayetafuta neno la Kiswahili hujiwa haraka na uwazi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu uwazi unaihesabu namba kinyume. Tabaka lenye Opacity ya 100 haliko wazi hata kidogo. Limeziba kila kilicho chini yake. Lenye 0 ndilo lililo wazi kabisa, halionekani. Mwanafunzi akiambiwa “punguza uwazi mpaka 10”, masikio yake yanasikia kwamba tabaka lizidi kuziba, na mkono wake ukifuata namba utafanya jambo lililo kinyume na alilosikia. Istilahi inayogombana na kipimo chake haifai, hata ikiwa nzuri kuitamka.

Neno ninalolitetea ni uzito. Halikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Wasemaji wa Kiswahili wanalitumia tayari kupimia vitu hivi hivi vinavyochorwa. Tunasema moshi mzito umetanda, ukungu mzito umefunika barabara, wingu zito, na ukungu ukianza kutawanyika tunasema umekuwa mwepesi. Hakuna anayefikiria kilo hapo. Tunachopima ni kiasi ambacho kitu hicho kinatuzuia kuona kilicho nyuma yake, na hiyo ndiyo maana kamili ya namba iliyo kwenye kisanduku. Tena kipimo kinakwenda upande ule ule: uzito ukipanda namba inapanda, na kilicho nyuma kinapotea, uzito ukishuka, kinarudi. Uji na chai vinafuata mantiki hiyo hiyo: chai nyepesi inaonyesha kitako cha glasi, chai nzito haionyeshi.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kimaumbile. Uzito hukusanyika, na moshi nao huziba kwa kukusanyika. Pierre Bouguer mwaka 1729, na baada yake Johann Lambert mwaka 1760, walionyesha kwamba nuru ikipita katika kitu chenye kuizuia kidogo, kila pande la unene ule ule hunyang’anya sehemu ile ile ya nuru iliyosalia, si ya nuru ya mwanzo. Matabaka ya programu yanafanya hesabu hiyo hiyo. Weka matabaka matatu ya ukungu, kila moja lina uzito wa asilimia 20. Mtu angetarajia jumla ya 60. La kwanza linaacha asilimia 80 ya kilicho nyuma, la pili linaacha asilimia 80 ya hizo, yaani 64, na la tatu linaacha kama 51. Uzito wote ni asilimia 49 hivi. Ndiyo maana moshi uliojengwa kwa matabaka mengi mepesi unaonekana kuwa na kina, ilhali tabaka moja la asilimia 49 lililopakwa kwa mpigo mmoja linaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Jumla ni ile ile, lakini matabaka matatu hayalingani umbo, kwa hiyo uzito unatofautiana mahali na mahali, kama unavyotofautiana katika moshi wa kweli.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata. Kuna picha ya baraza la Mji Mkongwe, Unguja, iliyopigwa alfajiri: ukuta wa chokaa upande wa kushoto, mlango mweusi wa mbao upande wa kulia, nuru ikitoka nyuma. Ndani yake limepachikwa dele la kahawa lililo juu ya jiko la mkaa, lililokatwa kutoka picha nyingine. Kivuli kimeshawekwa chini ya jiko, lakini dele bado linaonekana limeletwa. Linahitaji mvuke mdomoni na ukungu mwepesi wa alfajiri miguuni. Kwanza yafunguliwe matabaka mawili ya mvuke, moja nyuma ya dele na jingine mbele yake, maana mvuke unaopita mbele tu unalifanya dele liwe mchoro ulio nyuma ya pazia. Brashi iwe na Hardness ya 0, yaani ukingo wake ufifie pole pole badala ya kukatika, na uzito wake uwe asilimia 10 au pungufu. Rangi isiwe nyeupe tupu. Ichukuliwe kutoka mahali penye nuru hafifu katika picha yenyewe, kwa sababu matone ya maji hayana rangi yake. Yanarudisha rangi ya anga lililoyazunguka.

Hapa lugha yenyewe inapaswa kumsaidia mchoraji, kwa kuwa moshi, mvuke na ukungu si kitu kimoja. Mvuke wenyewe, unapotoka tu kwenye mdomo wa dele, hauonekani. Kinachoonekana ni matone madogo yanayotokea mvuke unapopoa hewani, na kwa hiyo kati ya mdomo na weupe wa kwanza kuna nafasi tupu. Anayeanza kupaka kwenye shaba ya mdomo anakosea, hata kama brashi yake ni laini kiasi gani. Brashi ianze juu kidogo ya mdomo, ikiwa na upana unaokaribia wa mdomo, kisha ipanuke na kupungua uzito kadiri mvuke unavyopanda. Matone hayo ni makubwa kuliko mawimbi ya nuru, hivyo yanatawanya rangi zote sawasawa na kuonekana meupe. Chembe za moshi mbichi mara nyingi ni ndogo zaidi, zinatawanya buluu zaidi kuliko nyekundu. Moshi huo mbele ya mlango mweusi huvutia kwenye buluu, na mbele ya anga angavu huvutia kwenye kahawia. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi wa maana, kwa hiyo moshi mzito wa kijivu chini ya dele ungesema kwamba jiko limewashwa sasa hivi kwa kuni mbichi. Picha ingesema jambo ambalo mchoraji hakulikusudia.

Sasa tuuangalie uzito ukifanya kazi kwa namba. Kila doti ya picha ina mwangaza kati ya 0, ambao ni weusi, na 255, ambao ni weupe. Mlango uwe karibu na 0, ukuta uwe 230, na mvuke uwe 200. Mvuke ukifikia uzito wa asilimia 30, mlango unapanda hadi 60, na ukuta unashuka hadi 221. Tofauti kati ya ukuta na mlango ilikuwa 230. Sasa ni 161. Mvuke haukuongeza weupe tu; umevuta kila kitu kuelekea rangi yake, na athari yake kwenye giza ni kubwa mara nyingi kuliko kwenye nuru. Kutokana na hilo inapatikana njia ya kukagua: tafuta doti nyeusi kuliko zote ndani ya eneo lenye mvuke. Ikiwa bado ni 0, mvuke huo haupo mbele ya kitu hicho. Na upande wa ukuta wa chokaa usishangae kwamba mvuke hauonekani sana. Ndivyo ulivyo, na kuuongeza uzito mpaka uonekane pale ni kuudanganya upande wa mlango.

Kosa linalojulikana kwa haraka zaidi ni lile la kutumia ukungu kuficha mkato mbaya. Mchoraji anaona ukingo wa dele una mabaki ya picha ya zamani, anapitisha brashi kuuzunguka, na dele linapata utepe mweupe unaofuata umbo lake kila pembe. Ukungu haujui umbo la dele. Ukiufuata mkono wa kushikia mpaka ndani ya tundu lake, mtazamaji anatambua bila kujua jina la kosa. Mkato urekebishwe kwanza, ukungu uje baadaye na uvuke ukingo bila kuujali. Kosa la pili ni ulaini uliopita kiasi. Brashi ya duara peke yake inatoa pamba. Baada ya kuweka uzito wa jumla, sehemu zipunguzwe kwa kifutio chenye ncha isiyo na umbo maalumu, ili mvuke uwe na nyuzi na mapengo. Mwisho ziongezwe chembechembe kidogo kulingana na zile za picha, maana kilichopakwa kwa brashi ni laini mno kuliko kilichopigwa na kamera alfajiri, na mpando mpole wa rangi huweza kujigawa kuwa mistari.

Wapo watakaosema ukolevu ungefaa zaidi. Lakini tunasema rangi imekolea tukimaanisha nyekundu imekuwa nyekundu kweli. Kioo chekundu cha taa kimekolea na bado kinapitisha nuru. Ukungu wa alfajiri haujakolea rangi yoyote na bado unaziba nyumba ya jirani. Ni mambo mawili, na programu zina vidhibiti viwili. Ufunikaji una hoja yenye nguvu kuliko hiyo: Thomas Porter na Tom Duff, katika makala yao ya 1984 iliyoweka hesabu hizi, waliielewa namba hiyo kama sehemu ya doti iliyofunikwa. Kwa mwandishi wa programu, neno hilo linatosha. Kwa mchoraji, kufunika ni tendo, na sufuria imefunikwa au haijafunikwa. Viwango inabidi viongezwe kwa maneno mengine, ilhali uzito unavyo ndani yake. Pingamizi ninalolipa heshima zaidi ni kwamba picha nzito tayari ni ile yenye faili kubwa. Hilo ni kweli. Hata hivyo hakuna anayesema uzito wa brashi akimaanisha faili, na kwa faili neno ukubwa lipo na linaeleweka. Opasiti nayo haina ubaya mdomoni mwa fundi anayeijua. Tatizo lake ni kwamba haimwambii anayeanza namba ielekee wapi.

Kuna faida moja ya matumizi inayojitokeza tukikubali neno hili. Programu ina uzito wa brashi na uzito wa tabaka, na vipimo hivyo viwili huzidishana: brashi ya asilimia 50 ndani ya tabaka la asilimia 20 inaacha alama ya asilimia 10. Uzito wa brashi ukishapakwa umeshapakwa. Uzito wa tabaka unaweza kubadilishwa kesho. Kwa hiyo, kwa dele letu, kila tabaka la mvuke libaki kwenye 100 wakati wa kupaka, brashi iwe 8 au 10, na mvuke upakwe ukiwa mzito kidogo kuliko inavyotakiwa. Kisha tabaka lote lishushwe hadi 70 au 60, picha ikitazamwa kwa umbali.